Paka wa Schrödinger: alikusudiwa kukosoa nini, na dikoherensi imebadili nini

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fizikia, waliokwisha kukutana na mlinganyo wa Schrödinger lakini ambao bado hawajafundishwa nadharia ya upimaji. Maswali ni yale yanayorudi kila mhula.

Jaribio lenyewe lilielezwaje?

Erwin Schrödinger alilieleza mwishoni mwa mwaka 1935, wakati huo akiwa Oxford baada ya kuondoka Ujerumani ya Wanazi, katika makala ya sehemu tatu iliyotoka kwenye jarida la Die Naturwissenschaften. Paka anafungiwa ndani ya sanduku la chuma pamoja na kaunta ya Geiger iliyowekewa dutu nururifu, kiasi kidogo mno hivi kwamba katika saa moja huenda atomu moja ikaoza, na huenda isioze hata moja, uwezekano ukiwa sawa kwa pande zote mbili. Atomu ikioza, kaunta inashtuka, nyundo inaachiwa, chupa ya asidi ya haidrosianiki inavunjika, na paka anakufa. Schrödinger hakusahau hata kutahadharisha kwamba mtambo huo lazima ulindwe ili paka mwenyewe asiufikie. Maelezo yote hayo yamo katika aya moja tu. Sehemu kubwa ya makala inazungumzia mambo mengine, hasa ule mfungamano wa chembe mbili ambao yeye ndiye aliyeupa jina.

Je, Schrödinger aliamini kwamba paka anaweza kuwa hai na mfu kwa wakati mmoja?

Hakuamini hivyo hata kidogo, na kusambaa kwa dhana hiyo ndilo kosa lililoenea kuliko yote kuhusu jambo hili. Aliutoa mfano huo kama kichekesho, ili aonyeshe kwamba njia fulani ya kufikiri, ukiifuata hadi mwisho wake, inakufikisha mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekubali kusimama. Wanahisabati wana desturi hiyo ya kukanusha dai kwa kulikubali kwa muda na kuonyesha upuuzi unaozaliwa nalo. Anayesema leo kwamba Schrödinger alithibitisha kuwepo kwa paka aliye hai na mfu amemgeuza mkosoaji kuwa mtetezi wa kile alichokikosoa.

Basi alikuwa akikosoa nini hasa?

Alikosoa wazo kwamba funksheni ya wimbi, yaani ψ, ni picha halisi na kamili ya kitu kimoja kimoja, na kwamba pale ψ inapokuwa imetawanyika, kitu chenyewe nacho kimetawanyika kama ukungu. Kwa atomu, wazo hilo halimsumbui mtu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiona atomu kwa macho na kudai kwamba haina ukungu. Sanduku lile linafanya kazi ya kuutoa ukungu huo ndani ya atomu na kuufikisha, hatua kwa hatua, kwenye kitu ambacho sote tunakifahamu. Mlinganyo ukiachwa uende bila kukatizwa, baada ya saa moja unatoa hali hii:

(|haijaoza⟩|hai⟩ + |imeoza⟩|mfu⟩)/√2

Hakuna kipengele chochote ndani ya mlinganyo kinachosema kwamba nusu moja ifutwe. Schrödinger alifafanua hoja yake kwa kutofautisha picha iliyopigwa kwa mkono unaotetemeka na picha safi ya mawingu: katika ile ya kwanza dosari ni ya picha, katika ya pili ukungu ni wa kitu chenyewe. Paka anatuonyesha kwamba hatuwezi kuichukua ψ kama picha ya aina hii ya pili.

Hoja hiyo haikuzuka peke yake. Mwezi Mei mwaka huohuo Einstein, Podolsky na Rosen walikuwa wamechapisha hoja yao kwamba maelezo ya kwanta hayajakamilika, na katika barua aliyomwandikia Schrödinger mwezi Agosti, Einstein alitaja baruti isiyo thabiti ambayo baada ya mwaka mmoja ψ yake ingekuwa mchanganyiko wa baruti iliyolipuka na isiyolipuka. Kwa hiyo paka ana undugu wa karibu na baruti ya Einstein, ingawa baruti haikupata umaarufu wake.

Bohr na wenzake hawakuwa na jibu?

Walikuwa nalo, na ni haki kulitaja. Niels Bohr hakusema popote kwamba paka amekuwa ukungu. Kwake yeye, vyombo vya kupimia lazima vielezwe kwa lugha ya kawaida ya fizikia ya zamani, na kaunta ya Geiger ni chombo cha kupimia, hivyo suala linakwisha kaunta inaposhtuka au isiposhtuka, muda mrefu kabla ya paka kuhusika. Udhaifu wa jibu hilo ni kwamba halisemi mpaka uko wapi, wala kwa nini kaunta, ambayo nayo imejengwa kwa atomu, isitii mlinganyo uleule. John von Neumann alikuwa ameonyesha mwaka 1932 kwamba mpaka huo unaweza kusogezwa mbele au nyuma bila kubadili utabiri wowote. Hapo ndipo baadhi ya watu walipopata mwanya wa kuusogeza hadi kwenye akili ya mtazamaji, na simulizi za paka anayeuawa kwa kutazamwa zikaanza. Kwa maoni yangu, hakuna jambo lililowapotosha wanafunzi zaidi ya hilo.

Kwani hali hiyo inatofautianaje na kutojua tu? Sarafu iliyofunikwa nayo hatujui imelalia upande gani.

Hili ndilo swali linalobeba mengine yote. Katika mpandano wa hali mbili, yaani jumla kama ile tuliyoiandika hapo juu, kila hali ina awamu yake, na awamu hizo huweza kuonekana katika majaribio kwa njia ya mwingiliano wa mawimbi. Elektroni ikipita kwenye tundu mbili, michirizi inayotokea ukutani haiwezi kupatikana kwa kujumlisha matokeo ya tundu la kwanza peke yake na ya tundu la pili peke yake. Sarafu iliyofunikwa haina michirizi ya namna hiyo. Kwa hiyo kusema kwamba paka yumo katika mpandano ni kudai kwamba, angalau kimsingi, kuna kipimo kinachoweza kuonyesha mwingiliano kati ya paka hai na paka mfu. Swali la maana, basi, ni hili: mwingiliano huo uko wapi?

Dikoherensi inajibu nini?

Dikoherensi ni kupotea kwa mwingiliano huo kitu kinapogusana na mazingira yake, na jibu lake ni kwamba mwingiliano umetawanyika katika mazingira hayo. Heinz-Dieter Zeh wa Heidelberg alianza kuieleza hoja hii mwaka 1970, na Wojciech Zurek akaiendeleza katika makala zake za 1981 na 1982. Makosa ya hesabu ya awali yalikuwa kumchukulia paka kama kitu kilichojitenga, ilhali molekuli za hewa zinamgonga bila kukoma na mwili wake unatoa mionzi ya joto kila wakati. Molekuli iliyodunda kwenye paka aliyesimama inaelekea kwingine, tofauti na ingekoelekea iwapo amelala chini amekufa, na hivyo inabeba alama ya hali yake. Hali kamili inakuwa

(|haijaoza⟩|hai⟩|M₁⟩ + |imeoza⟩|mfu⟩|M₂⟩)/√2

ambapo M₁ na M₂ ni hali mbili za mazingira. Nguvu ya mwingiliano unaoweza kuonekana kwa kumpima paka na mtambo wake inategemea kiasi ambacho M₁ na M₂ zinafanana, yaani ⟨M₁|M₂⟩. Tuseme kila molekuli inatofautisha hali hizo mbili kwa shida sana, kiasi kwamba ufanano wake ni 0.99. Baada ya molekuli 1,000 ufanano wa jumla ni 0.99 kwa kipeo cha 1,000, ambao ni kama 0.00004. Sentimita moja ya ujazo ya hewa ya kawaida ina molekuli zipatazo 2.5 × 10¹⁹. Msomaji anaweza kuendelea mwenyewe na kuona kwamba mwingiliano unatoweka kwa kasi isiyopimika kwa saa yoyote.

Jambo la pili ambalo dikoherensi inaeleza halitajwi mara nyingi, nalo ni sababu ya sisi kuzungumzia paka hai na paka mfu badala ya jumla na tofauti ya hali hizo, ambazo kihisabati zina haki ileile. Mazingira hayazitendei hali zote sawa: zile zinazoacha alama moja na ileile zinadumu, na zile zinazochanganya alama tofauti zinavunjika papo hapo.

Lakini sanduku limefungwa. Nani anatazama?

Hahitajiki mtazamaji. Hewa iliyomo ndani ya sanduku, kuta zake, na hata manyoya ya paka mwenyewe vinatosha. Ushahidi mzuri ulitoka Vienna mwaka 2004, ambapo molekuli za kaboni 70 zilipashwa moto kwa leza kabla ya kupitishwa kwenye kifaa cha mwingiliano. Kadiri zilivyokuwa moto zaidi ndivyo zilivyotoa mionzi zaidi, na michirizi ikafifia hadi ikatoweka, ingawa hakuna aliyeikusanya mionzi hiyo wala kuiangalia. Kabla ya hapo, mwaka 1996, kundi la Serge Haroche mjini Paris lilikuwa limetengeneza paka mdogo wa fotoni chache za mikrowevu ndani ya kasha la vioo, kisha likatuma atomu ya pili kuchunguza kilichobaki. Kadiri atomu hiyo ilivyochelewa ndivyo mpandano ulivyokuwa umefifia, na ulififia upesi zaidi pale ambapo hali mbili za uga zilikuwa zimeachana zaidi. Kwa hiyo dikoherensi ni mchakato unaochukua muda, na muda huo umepimwa.

Basi tatizo limekwisha?

Nusu yake. Dikoherensi inatuambia kwa nini jedwali la uwezekano la paka, likitazamwa bila mazingira, halitofautiani na la sarafu iliyofunikwa. Hata hivyo haituambii kwa nini tunapofungua sanduku tunakuta jambo moja na si lingine, kwa sababu katika mlinganyo mzima nusu zote mbili bado zipo. Kilichotokea ni kwamba haziwezi tena kukutana. Hapa wanafizikia wanaachana njia. Wafuasi wa Hugh Everett, aliyechapisha hoja yake mwaka 1957, wanakubali kwamba nusu zote mbili ni za kweli na kwamba sisi nasi tunagawanyika. Ghirardi, Rimini na Weber walipendekeza mwaka 1986 kuurekebisha mlinganyo wenyewe ili vitu vikubwa vijikusanye vyenyewe katika hali moja. Wengine wanaona kwamba ψ ni daftari la matarajio yetu, na kwamba daftari halina budi kusahihishwa tunapopata habari. Anayesema kwamba dikoherensi peke yake imelifunga suala hili amechanganya kutoonekana kwa mwingiliano na kutokea kwa tukio moja.

Je, siku moja tunaweza kulifanya jaribio kwa paka halisi?

Uzito wa vitu vinavyowekwa katika mpandano unazidi kupanda: mwaka 2019 Vienna ilifikia molekuli zenye atomu karibu 2,000, na mwaka 2023 watafiti wa ETH mjini Zurich waliweka mtetemo wa fuwele yenye mikrogramu 16 katika hali ya aina ya paka, ingawa umbali kati ya hali hizo mbili ulikuwa mdogo kuliko upana wa atomu. Ili mpandano wa kitu kikubwa kama paka udumu, hewa lazima iondolewe na joto lishushwe hadi karibu na sifuri kabisa. Paka naye anahitaji kupumua na mwili wenye joto la nyuzi 38 hivi, na hayo mawili ndiyo hasa yanayouvunja mpandano wake. Maandalizi yanayotakiwa yangemuua kabla ya atomu kupata nafasi ya kuoza.