Hati ya kusoma anwani hewani: fomu ya darasa la huduma ya kwanza

Kipindi cha asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Sauti mbili: MSOMAJI ndiye anayetaja anwani, MWENZA anaiandika kwenye simu yake hapo hapo studio. Anwani ni hii, nayo haibadilishwi hata herufi moja:

```
huduma-kwanza.org/darasa3
```

Maneno yaliyo ndani ya mabano hayasomwi. Mahali pa kuvuta pumzi pameandikwa (pumua). Hatukutumia mkwaju kuonyesha kituo kama ilivyo kwenye hati nyingine, kwa sababu humu mkwaju ni sehemu ya anwani na atatokea mtu ausome.

Dakika tano kabla ya kipindi, Mwenza aiandike anwani kwa vidole vyake, asibofye kiungo kilichohifadhiwa. Fomu isipofunguka, rukeni hadi usomaji wa dharura ulio mwishoni.

Kuna neno moja la kuchunga. Tangu muziki wa kuingilia hadi anwani iishe, msiseme "kwanza fanya hivi". Anayeandika atalichukua kama kipande cha anwani. Semeni "anza na".

USOMAJI MREFU (saa moja na robo na saa mbili na nusu)

MSOMAJI: Msikilizaji, fomu za darasa la huduma ya kwanza la Jumamosi ziko wazi. Utafundishwa kuzuia damu inayotoka kwenye jeraha, kupoza mahali palipoungua kwa maji yanayotiririka, na kumgandamiza kifua mtu aliyezimia asiyepumua. Nafasi ni arobaini, hakuna malipo, na fomu inafungwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Kujiandikisha ni kwenye tovuti. Anwani nitaitaja polepole, mara mbili. Chukua kalamu, au shika simu yako. Nakusubiri.

(Muziki chini, sekunde kumi kamili. Usiongee juu yake. Mtu anayetafuta kalamu huku anakusikiliza hufanya yote mawili nusu nusu.)

MSOMAJI: Kwenye simu, fungua programu ya kusomea tovuti, kama Chrome, Safari au Opera. Usiandike ndani ya WhatsApp wala Facebook. Utaona kisanduku kirefu cha kuandikia, juu ya kioo au chini kabisa, inategemea simu yako. Kiguse. Kama kina maandishi ya zamani, futa yote.

(pumua)

Sasa sikia anwani nzima bila kuandika: huduma, kistari, kwanza, nukta, org, mkwaju, darasa, na tatu ya tarakimu. Yote herufi ndogo, yote imeshikana, hakuna nafasi hata moja.

Haya, andika.

Huduma. (pumua) H ya hewa. U ya ukuta. D ya dada. U ya ukuta. M ya mama. A ya asali. Huduma.

(Hesabu kimoyomoyo hadi tatu.)

Kistari. Ni kile kifupi kinacholala katikati ya mstari, si kile kirefu kinacholala chini kabisa. Hukioni? Bonyeza kitufe cha pembeni chini kushoto, chenye moja mbili tatu, alama zitatokea. Ukishaweka kistari, rudi kwenye herufi.

(Hesabu hadi tano. Hapa ndipo wengi huachwa nyuma, kwa sababu wanabadili ubao wa herufi.)

Kwanza. (pumua) K ya kalamu. W ya watu. A ya asali. N ya nanasi. Z ya zawadi. A ya asali. Kwanza.

Angalia ulichoandika. Katikati hakuna "ya". Tunasema huduma ya kwanza, lakini kwenye anwani ni huduma, kistari, kwanza.

(pumua)

Nukta. Wengine huiita doti.

Org, herufi tatu: O ya ofisi. R ya redio. G ya gari. Si com. Hiyo O ni herufi, si sifuri.

(Hesabu hadi tatu.)

Mkwaju. Ni ule mstari ulioinama, wengine huuita slashi: kichwa chake kimelalia kulia, mguu uko kushoto.

Darasa. (pumua) D ya dada, D ndogo. A ya asali. R ya redio. A ya asali. S ya sabuni. A ya asali. Darasa.

Halafu, bila kuacha nafasi, bonyeza tatu. Ile ya kuhesabu: moja, mbili, tatu. Usiiandike kwa maneno. Hapo ndipo mwisho, usiweke nukta nyingine.

(Usibadili sentensi hiyo kuwa "weka tarakimu tatu". Atakayesikia hivyo ana haki ya kuweka tarakimu zozote tatu.)

MSOMAJI: Mwenza wangu, nisomee ulichoandika.

MWENZA: Nimeandika huduma, kistari, kwanza, nukta, org, mkwaju, darasa, tatu. Nabonyeza kitufe cha kwenda. (Asubiri ukurasa ufunguke kweli, asiigize.) Umefunguka. Juu naona maandishi, "Darasa la Jumamosi". Chini yake kuna visanduku viwili, jina na namba ya simu, na kitufe kilichoandikwa "Tuma".

MSOMAJI: Ukiona hivyo, umefika. Fomu haiulizi namba ya siri wala haiombi pesa. Ukikutana na ukurasa unaotaka kimoja kati ya hivyo, umeingia pengine, ufunge. Naitaja tena kwa aliyechelewa: huduma, (pumua) kistari, (pumua) kwanza, (pumua) nukta, org, (pumua) mkwaju, (pumua) darasa, tatu.

(Funga hapo. Usitangaze anwani ya kitu kingine ndani ya dakika mbili zinazofuata.)

USOMAJI MFUPI (baada ya kila taarifa ya habari)

Huu ni wa kumkumbusha aliyekwisha kusikia. Msiutumie kama tangazo la mara ya kwanza, hata muda ukibana. Ni afadhali kuahirisha.

MSOMAJI: Fomu ya darasa la Jumamosi bado iko wazi. Anwani, herufi ndogo zote: huduma, kistari, kwanza, nukta, org. Halafu mkwaju, darasa, na tatu ya tarakimu. Hakuna "ya" katikati, na mwisho si com. Tutaitaja herufi kwa herufi saa mbili na nusu.

(Hatusomi "echi ti ti pi" wala "dabliu dabliu dabliu". Programu inajiongezea hiyo ya mwanzo, na tovuti hii inafunguka bila zile W tatu. Kila sauti tunayoongeza ni nafasi nyingine ya kukosea.)

HERUFI NA MANENO YAKE

Neno la kila herufi ni lile lile wiki nzima. Leo "D ya dada" na kesho "D ya dawa" humfanya msikilizaji adhani ni herufi nyingine. Msitaje herufi peke yake kwa jina lake la Kiingereza: E ya huko husikika kama I yetu, na A husikika kama "ei". Aliyezoea Kiswahili ataandika anachosikia. D na T, M na N, L na R nazo hupotea kwenye redio ndogo na kwenye spika ya simu, ndiyo maana "org" tunaivunja ingawa inaonekana rahisi. R yake ikimezwa inabaki "og".

SIMU ZA WASIKILIZAJI

Anayepiga akisema tu "haifunguki", usirudie anwani papo hapo. Muulize anaona nini.

MSOMAJI: Pole, ndugu yangu. Hebu nisomee, kioo kinaonyesha nini sasa hivi?

*Akisema anaona orodha ya majibu na matangazo:*

MSOMAJI: Hapo simu imetafuta badala ya kufungua. Mara nyingi ni kwa sababu kuna nafasi kati ya maneno, au nukta imekosekana. Usibofye chochote kwenye hiyo orodha, hata chenye jina linalofanana. Rudi kwenye kile kisanduku kirefu, futa, uandike kwa kushikanisha.

(Simu nyingine hugeuza nafasi mbili kuwa nukta, na nyingine hujiongezea nafasi baada ya neno zinalolipendekeza. Anayesema "lakini mimi sikuweka nafasi" huenda anasema kweli. Mwambie asiguse maneno yanayopendekezwa juu ya ubao wa herufi.)

*Akisema simu inadai tovuti haipo, au anasoma maandishi kama haya:*

```
DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN
```

MSOMAJI: Sawa, kosa liko kabla ya mkwaju. Nisomee herufi moja moja hadi kwenye org. (Sikiliza mambo manne: kistari kimeachwa, kimewekwa kile cha chini, imeingia "ya", au imeandikwa com.)

*Akisema tovuti imefunguka lakini inasema ukurasa haupo, au anaona 404:*

MSOMAJI: Umefika nyumbani, umekosea chumba. Kosa liko baada ya mkwaju. D iwe ndogo, na mwisho iwe tatu ya tarakimu.

(Kabla ya mkwaju, herufi kubwa na ndogo ni sawa kwa kompyuta. Baada ya mkwaju seva yetu inazitofautisha: `Darasa3` haifunguki. Msimweleze mpigaji yote haya, mpeni kosa lake tu.)

*Akisema ukurasa ni mweupe na unazunguka tu:*

MSOMAJI: Anwani yako huenda ni sahihi, mtandao ndio mzito. Usifute. Subiri kidogo, kisha jaribu kuufungua upya.

*Akiwa ni mzee asiyeona vizuri, au hana simu ya kuingia mtandaoni:*

MSOMAJI: Shikamoo. Usihangaike na anwani. Mwombe kijana aliye karibu akuandikie, au fika mapokezi hapa redioni ujaziwe fomu hiyo hiyo. Nafasi hazitofautiani.

UKIKOSEA HEWANI

Usiseme herufi uliyokosea mara ya pili. Ukisema "si T, ni D", kuna atakayeshika T. Anza neno upya.

MSOMAJI: Samahani, futa neno la mwisho. Tunaliandika upya. Darasa: D ya dada. A ya asali. R ya redio. A ya asali. S ya sabuni. A ya asali.

Ikiwa kosa limegundulika baada ya wimbo, isahihishwe kwa usomaji mrefu mzima, kuanzia sekunde kumi za kalamu.

USOMAJI WA DHARURA (fomu isipofunguka)

MSOMAJI: Fomu ya darasa la Jumamosi ina hitilafu kwa sasa. Kama ulinakili anwani jana, ihifadhi, haijabadilika. Usijaribu anwani nyingine utakayotumiwa na mtu. Tutakuambia hapa hapa itakaporudi.

(Anwani yenyewe isitajwe. Wasikilizaji wataijaribu, itagoma, na jioni hawatajaribu tena. Mwenza aijaribu kila baada ya nusu saa. Ikifunguka mara mbili mfululizo, moja kwa data ya simu na moja kwa waifai, rudini kwenye usomaji mrefu.)