Shebby wetu, 1991–2025

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nimekaa na hii picha tangu juzi nashindwa niandike nini. Jumatano usiku tumebishana mpira kwenye grupu mpaka saa sita, katuma voisi anacheka tu, Alhamisi asubuhi mdogo wake ananipigia analia, Shebby kadondoka bafuni anajiandaa kwenda kazini, wanafika hospitali keshatutoka. Presha. Mtu hajawahi kulalamika hata kichwa. Miaka 34 jamani, na mtoto hata shule hajaanza.

Msinishangae kuweka picha ya Coco kashiba mihogo, mdomo umejaa, pilipili mpaka kwenye jezi. Zile za suti zipo ila yule siyo yeye.

Tumemzika Ijumaa kwao Muheza. Kwenye kosta ilikuwa kilio mwanzo mwisho, kufika Segera sijui nani akaikumbushia ile 5-1 ya Novemba 2023, Yanga tulivyowapiga, Shebby akazima simu siku nzima, yani fundi simu kazima simu, wateja wanamtafuta Kariakoo nzima, na alipoiwasha meseji ya kwanza kutuma ni "2012 mlikula 5-0 mmesahau?" Gari zima likacheka, mpaka shangazi yake, halafu tukaanza kulia upya. Kuna waliosema hatuna adabu. Mimi naona walikuwa hawamjui.

Na mdomo alikuwa nao, tusidanganyane, ukimpelekea simu iliyoingia maji utasemwa kwanza ndo itengenezwe. Ila muulizeni mama ntilie wa pale Aggrey kama amewahi kutoa hela, yeye malipo yake ni wali maharage tu miaka yote, na wanafunzi waliopasua vioo walikuwa wanaambiwa "nenda kasome utanilipa ukipata kazi". Kabla ya kuzika likatoka lile tangazo, anayemdai marehemu aende kwa familia. Kimya. Hakuna hata mmoja. Baada ya maziko ndo wakaanza kuja mmoja mmoja wale wanaodaiwa, wengine wametoka Dar, wanamshika mkono baba yake wanamwambia mzee mwanao nilikuwa na elfu 30 yake. Mzee analia anacheka. Ndo huyo rafiki yangu.

Kolo wangu, nani sasa ntamtukana Mnyama akifungwa? Allah akusamehe ulipokosea, akupanue kaburi lako, ampe subira mkeo na wazee. Mtoto wako tupo, hilo usiwe na wasiwasi nalo.

Hitma Jumapili baada ya Alasiri nyumbani Mbagala Kizuiani, wa dini zote karibuni. Na mlioacha simu dukani msipanick, zipo kwenye droo kila moja kaiandikia jina, mdogo wake atakuwepo kuanzia Jumatatu. Mnaodaiwa mnajijua.