Ombi la Kuondolewa kwa Video Inayomwonyesha Mwanangu bila Idhini

Kwa Kitengo cha Faragha,

Mimi ni mama mzazi wa msichana wa miaka 9 anayeonekana kwenye video iliyopakiwa tarehe 14 Machi 2025, ambayo kiungo chake nimekiweka katika fomu hii. Kuanzia sekunde ya 12 hadi ya 41 anaonekana akilia nje ya lango la shule yake mjini Mombasa, uso wake ukiwa wazi, jina la shule likisomeka kwenye sare, na vicheko vimewekwa juu ya sauti yake.

Hakuna aliyeniomba ruhusa, wala baba yake hakuombwa. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumiwa, na kifungu cha 40 kinaruhusu kuomba data iliyopatikana kinyume cha sheria ifutwe.

Naomba muiondoe video hiyo pamoja na nakala zilizopakiwa upya na akaunti nyingine. Kuuficha uso pekee hakutatosha, kwa sababu sare na sauti vinamtambulisha, na mtu asiyemjua anaweza kujua pa kumpata. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nisipopata jibu, nitawasilisha malalamiko kwa Kamishna wa Data.

Cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho changu nimeviambatisha kwa uthibitisho tu, na naomba mwenye akaunti asionyeshwe.

Wenu,
Mama mzazi wa mtoto