Maelezo ya ile barua ya kazi uliyonipigia picha

Marahaba Mwanaisha, mdogo wangu. Picha zote mbili nimezipata. Ya pili ina kivuli cha mkono pale chini kulia lakini inasomeka. Umeniuliza kama hii barua ya sifa waliyokupa huko Ujerumani ulipoacha kazi kwenye nyumba ya wazee ni nzuri, maana mwenzako wa chumbani amekwambia ni nzuri sana. Nitakwambia kweli kwa sababu wiki ijayo unaenda kwenye usaili: si nzuri. Haina tusi, haina lawama, na ukiisoma kama tunavyosoma barua huku kwetu Mombasa utaona umesifiwa kuanzia juu hadi chini. Lakini Wajerumani wana namna yao ya kuziandika barua hizi, na mimi hapa ofisini nazisoma kila tunapoajiri.

Sheria yao ya shughuli za biashara, Gewerbeordnung, kifungu cha 109, inampa kila mfanyakazi anayeondoka haki ya kudai barua inayoeleza kazi yake na mwenendo wake. Mahakama zikaongeza kwamba barua iwe ya kweli na pia iwe ya hisani, isimzibie mtu njia ya riziki. Sasa bosi ambaye hakuridhika atasemaje? Anasifu, ila anapunguza sifa. Kifungu hichohicho kinakataza maneno yenye maana ya kificho, lakini ngazi za sifa zimezoeleka mno na kila ofisi ya wafanyakazi inazijua.

Tuanze na sentensi iliyo na uzito kuliko zote, aya ya tatu, mstari wa kwanza. Nikikuwekea kwa Kiswahili inasema: "Alitekeleza kazi alizopewa kwa kuridhika kwetu." Basi, imeishia hapo. Wewe umesoma "tuliridhika" ukafurahi. Msomaji wa Kijerumani anatafuta maneno mawili ambayo hayapo: "daima" na "kikamilifu". Yakiwepo yote mawili, "daima kwa kuridhika kwetu kikamilifu", hiyo ni alama ya 2, yaani nzuri, na kumbuka kwao 1 ndiyo ya juu. Wakitaka kukupa 1 wanalivuta hilo "kikamilifu" hata lipite kiasi. Likibaki "kikamilifu" bila "daima", ni 3, ya wastani. Yote mawili yakikosekana, kama kwako, ni 4: umepita kwa shida.

Mstari unaofuata ndio ulioniuma zaidi. "Alijitahidi kuzielewa kanuni za kuandika kumbukumbu za wagonjwa." Kwetu kujitahidi ni sifa, mama angelia kwa furaha. Kwenye barua hizi maana yake ni kwamba alijaribu, hakuweza. Kama hilo si kweli, na wewe umeniambia zamu za usiku ulikuwa ukiandika kumbukumbu peke yako bila kurudishiwa hata ukurasa mmoja, basi sentensi hiyo lazima iondoke. Na ile ya "alikuwa mshika muda" peke yake haina ubaya, ila imekaa mahali ambapo ungetegemea kusoma juu ya ustadi wako na wagonjwa. Ukisifiwa kwa kuwahi tu, mtu anajiuliza hayo mengine yako wapi.

Rudi aya ya pili, orodha ya kazi. Kazi kubwa hutangulia, ndogo hufuata. Yako inaanza na kupanga kabati la shuka na kuandaa meza za chai. Kuwaogesha na kuwalisha wazee kumewekwa mwisho, na wodi ya wazee waliopoteza kumbukumbu haikutajwa kabisa. Umefanya kazi pale tangu Agosti 2023 hadi Machi 2025, na anayeisoma atadhani ulikuwa msaidizi wa jikoni.

Aya ya nne inasema ulikuwa na adabu "kwa wakazi na kwa wafanyakazi wenzake". Wakubwa wako hawamo. Desturi ni wakubwa watajwe kwanza, halafu wenzako, halafu unaowahudumia. Wakiachwa, anayesoma anahisi mlikuwa mkigombana. Hapa ndipo naona mkono wa yule mkuu wa zamu mliyekosana naye juu ya likizo. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ni uzembe zaidi kuliko chuki. Nyumba ndogo za wazee mara nyingi zinachukua barua ya zamani na kubadilisha jina, na aliyeiandika huenda hakupima kila neno. Kwa hiyo usiende kwa hasira.

Mwisho wa barua wamekutakia heri, lakini hakuna shukrani wala neno la kusikitika kwamba umeondoka. Hilo usiligombanie: Mahakama ya Kazi ya Shirikisho kule Erfurt iliamua mwaka 2012 kwamba shukrani na heri si haki ya kudaiwa. Ziombe kwa upole tu. Ila hiyo heri waliyokwisha kuandika hawawezi kukufutia kwa kukukomoa eti umedai marekebisho. Mahakama hiyohiyo ilisema hivyo mwaka 2023.

Yapo mazuri, na uyashike. Imeandikwa umeondoka "kwa ombi lake mwenyewe", na siku ya mwisho ni tarehe 31, mwisho wa mwezi. Ingekuwa tarehe 12 au 19, watu wangeshuku ulifukuzwa ghafla. Tatizo ni kwamba barua yenyewe ni ya tarehe 22 Aprili, na imesainiwa na karani kwa niaba. Omba iwe na tarehe ya siku yako ya mwisho na isainiwe na mkuu wa uuguzi, aliyekuwa juu yako.

Sasa la kufanya. Waandikie leo, barua fupi ya adabu, ukitaja mambo manne: orodha ya kazi ianze na uuguzi na wodi iongezwe, sentensi ya kujitahidi iondolewe, wakubwa watajwe kwanza, na kuridhika kuwe "daima" na "kikamilifu". Usiishie kulalamika, waandikie sentensi kamili unazotaka, maana mtu mwenye kazi nyingi hupenda kunakili. Wakikataa, jua hili: kwa uamuzi wa mahakama hiyohiyo ya Erfurt wa mwaka 2014, anayetaka zaidi ya alama 3 ndiye anayeleta ushahidi, na bosi anayetoa chini ya 3 ndiye anayepaswa kuthibitisha. Kwa hiyo kutoka 4 kwenda 3 mzigo ni wao. Kufika 2 ni wako, kwa hiyo tafuta zile ratiba za zamu na kadi ya shukrani ya familia ya yule bibi wa chumba cha juu.

Mahakama ya kazi ya daraja la kwanza unaweza kufungua dai bila wakili, na ukimchukua unamlipa mwenyewe hata ukishinda. Lakini nadhani hatutafika huko.

Kwenye usaili usiitoe barua hii. Sema imerudishwa kurekebishwa, ndiyo kweli yenyewe. Na jioni hii nipigie picha ukurasa wa mwisho wa mkataba wako, mikataba mingi ina kifungu kinachoweka muda wa kudai chochote baada ya kuondoka, mara nyingi miezi mitatu, nami nataka kujua tumebakiwa na wiki ngapi. Safari hii weka karatasi mezani, karibu na dirisha.

Dada yako,
Rehema