Kapu lako bado lipo, na nauli ya oda ya kwanza tunailipa sisi

Mwangaluka, ndugu mteja wetu,

Ni muda sasa hujaagiza kitu dukani kwetu, na barua hii haikuulizi kwa nini. Mambo ya nyumbani hubadilika. Mtu anahamia Kisesa, au anaanza kupita Soko Kuu kila jioni akitoka kazini, au ada za watoto zinabana mwezi mzima. Kama mchicha umekuwa ukiununua kwa mama anayepita mlangoni na beseni kichwani, umefanya vizuri: yeye ameuza, nawe umekula mboga iliyochumwa alfajiri. Huna deni lolote kwetu.

Tunakuandikia kwa sababu namna yetu ya kuuza imebadilika, hasa kwa samaki na dagaa, na tunaona itakufaa hata kama vitu vingine utaendelea kununua kwingine.

Tuanze na samaki. Sasa hulipi kabla samaki hajapimwa. Unaweka oda hadi saa 4 usiku, unasema unataka sato au sangara na kama kilo ngapi. Asubuhi mnunuzi wetu anakwenda mwaloni, anachagua, samaki anaparwa magamba na kutolewa utumbo, kisha anawekwa kwenye mizani. Unapokea picha mbili kwenye simu: moja ya mizani, nyingine ya matamvua yakiwa yamefunuliwa. Yakiwa mekundu na macho yamejaa, unajua samaki ni wa asubuhi hiyo. Ukiridhika unalipa kwa simu, naye anaingia kwenye barafu kuja kwako. Usiporidhika unajibu "hapana" na biashara inaishia hapo, bila maelezo.

Bei ya kilo utaiona juu kidogo kuliko ile unayotajiwa mwaloni. Sababu ni kwamba uzito unaolipia ni wa samaki aliyekwisha safishwa. Utumbo na magamba havimo kwenye hesabu yako.

Tumeanza pia kuandika samaki anatoka wapi. Siku hizi sato wengi wanaouzwa Mwanza wanafugwa kwenye vizimba humuhumu ziwani, na wengi wao ni wazuri sana: wanalingana ukubwa, wana mafuta, na wanapatikana hata siku ambazo ziwa limechafuka. Lakini wapo wanaotaka sato wa kuvuliwa, kwa ladha yake na nyama yake ngumu, na ni haki yao kujua wanachonunua. Kwa hiyo utakuta maneno mawili tofauti, "sato wa kizimba" na "sato wa ziwani", kila mmoja na bei yake. Ukinunua wa kukaanga kwa wageni wengi, mimi ningechukua wa kizimba, kwa sababu kila sahani itapata samaki anayelingana na mwenzake. Kwa mchuzi wa nazi wa watu wawili watatu, wa ziwani.

Kuna kitu hutakikuta kwetu hata ukikiomba: sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya sentimita 25. Sheria hairuhusu kuwavua, na sisi tunaoishi kwa ziwa hili hatuna sababu ya kuwauza watoto wa samaki.

Sasa dagaa, maana hapo ndipo wateja wetu wengi wanapookoa hela. Unajua dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza, mwanga wa taa huwakusanya pamoja na nyavu zinajaa. Mwezi ukiwa mpevu wanatawanyika, mitumbwi mingi inabaki ufukweni, na baada ya siku chache bei sokoni inapanda. Mzunguko huu ni wa kila mwezi, wavuvi wanauishi, lakini mnunuzi wa mjini mara nyingi anaukuta tu kwenye bei bila kujua umetoka wapi. Kwa hiyo tumeweka kalenda ya giza na mbalamwezi juu kabisa ya ukurasa wa dagaa. Kama unanunua dagaa wa mwezi mzima, subiri giza lianze na wavuvi wapate siku chache za kuanika, kisha agiza. Ukitaka tukukumbushe kwa ujumbe mfupi, bonyeza alama ya kengele. Usipotaka, kalenda ipo palepale na unaweza kuitumia hata ukienda mwenyewe Mwaloni Kirumba. Hatutaona vibaya.

Na dagaa tunaouza ni wa kuanikwa kwenye vichanja. Wale wa kuanikwa chini wana bei nafuu, ni kweli, ila unajua kazi ya kuwaosha mara nne na bado mchanga unasikika kwenye meno. Wa kichanjani ukiwatoa vichwa na kuwasuuza mara moja kwa maji ya uvuguvugu, wako tayari kwa kitunguu na nyanya. Msimu wa mvua wanakuwa wachache, kwa sababu mvua ikiwanyeshea kabla hawajakauka wanaharibika. Siku hizo utaona tumeandika "hakuna". Hatutakuletea wa mchanga kwa jina la kichanja.

Kwa upande wa shamba, habari njema imeletwa na Daraja la Kigongo–Busisi, lile la J. P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025. Wewe unakumbuka foleni ya kivuko, malori ya ndizi yamejipanga na jua linawaka. Sasa mzigo wa Kagera, Geita na Sengerema unavuka moja kwa moja. Kwa jikoni maana yake ni kwamba ndizi za kupika zinafika zikiwa bado mbichi kabisa, na mananasi yanaweza kuachwa shambani yakomae badala ya kukatwa mapema kwa kuogopa safari. Onja nanasi moja tu, utaelewa kwa nini nimeandika aya nzima juu ya daraja. Machungwa ya Ukerewe bado yanakuja kwa maji kutoka Nansio, msimu wake ukifika.

Mchele nao sasa tunauandika kama ni mpya au wa msimu uliopita. Hili ni dogo ila linaokoa sufuria nyingi: mchele mpya unataka maji kidogo, wa zamani unanyonya zaidi na unachambuka vizuri kwa pilau. Michembe na matobolwa vipo, pamoja na nsansa kwa wanaoikumbuka ya kwa bibi.

Nyanya sitakusifia. Tunazichagua kwa uangalifu, lakini kama sokoni unapita kila siku, nyanya na parachichi chagua kwa mkono wako mwenyewe, utapata unachotaka kwa bei nzuri zaidi. Sisi tutumie kwa vizito na vya kusumbua: mchele, unga, mafuta, mkungu wa ndizi, samaki wa kuparwa.

Kiwango cha chini cha oda kilikuwa shilingi 20,000. Sasa ni 5,000. Tulikuwa tunaona kapu nyingi zimejazwa vitu ambavyo mtu havihitaji ili tu afikie kiwango, na jambo hilo halikutupendeza. Leo unaweza kuagiza nusu kilo ya maharage, fungu la mgagani na robo ya dagaa, ukaletewa. Mchele na maharage unaweza kuchagua kwa kilo au kwa sado, kama ulivyozoea.

Nauli ni shilingi 2,000 kwa Nyamagana na Ilemela mjini, na 3,500 kwa Buhongwa, Igoma, Igombe na Kisesa. Kwa walio juu mawe yanapoanza, Mabatini, Igogo, Isamilo, nauli ni ileile: bodaboda akifika mwisho wa njia anaacha pikipiki chini na kupanda kwa miguu hadi mlangoni kwako. Huna haja ya kushuka kumpokea, wala kumtuma mtoto.

Oda yako ya kwanza ukirudi haina nauli. Ofa hiyo imeshawekwa kwenye akaunti yako, huhitaji kuandika namba ya ofa wala kumwalika rafiki. Haina tarehe ya mwisho. Ukiihitaji wiki hii, sawa. Ukiikumbuka wakati wa sikukuu, itakuwepo. Tumeamua hivyo kwa sababu hatutaki ununue leo kwa kuogopa kwamba kesho nafasi imepita. Chakula kinunuliwe nyumba inapokihitaji.

Kapu lako la mwisho bado limehifadhiwa, ukiingia utalikuta chini ya neno "Kapu langu". Lipitie kwanza, maana bei za leo ni tofauti na za wakati ule, na huenda familia imeongezeka au imepungua. Unaweza kulifuta lote ukaanza upya. Ukiwa umesahau neno lako la siri, weka tu namba ya simu uliyotumia zamani, utapata tarakimu sita za kuingilia. Kama namba umebadilisha, jibu barua hii na tutakusaidia kuhamisha akaunti.

Na kama umeona kwamba duka la mtandaoni si lako, hilo nalo ni jibu zuri. Chini ya barua hii kuna maneno "Nisiandikiwe tena". Bonyeza mara moja, hatutakuuliza sababu wala kukutumia barua ya kukubembeleza. Ukitaka tufute kabisa jina lako, namba na anwani, tuandikie "Futa taarifa zangu". Hiyo ni haki yako chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tukimaliza kufuta tutakujulisha.

Ukijibu barua hii, jibu lako linasomwa na mtu aliyekaa hapa Kirumba, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Uliza bei, uliza kama kuna gogogo wabichi leo, uliza kama mtaa wako tunaufikia. Kama kuna bidhaa uliyokuwa unaitafuta kwetu hukuipata, tutajie. Kalenda ya giza iliwekwa kwa sababu mteja mmoja wa Pasiansi alituuliza kwa nini bei ya dagaa haikai mahali pamoja.

Wako katika huduma,
Mratibu wa oda
Duka lako la chakula mtandaoni, Kirumba, Mwanza

Oda za kuletwa kesho asubuhi zinapokelewa hadi saa 4 usiku wa leo. Za jioni, hadi saa 5 asubuhi ya siku hiyohiyo.

Fungua kapu langu  |  Angalia kalenda ya giza  |  Nisiandikiwe tena