Mifumo ya Uchaguzi na Mgawanyiko wa Vyama: Tanzania, Lesotho, Afrika Kusini na Kenya

Kazi binafsi, kozi ya Siasa Linganishi, mwaka wa pili, Dar es Salaam

Swali: "Mfumo wa uchaguzi ndio unaoamua idadi ya vyama nchini." Jadili kauli hii kwa kulinganisha angalau nchi tatu.

Mwaka 1995, katika uchaguzi wetu wa kwanza tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, NCCR-Mageuzi ilipata asilimia 21.8 ya kura za ubunge nchi nzima na ikaambulia majimbo 16. CUF ilipata asilimia 5 tu, lakini ikaondoka na majimbo 24. Aliye na kura mara nne zaidi akawa na wabunge wachache. Hakuna aliyekosea hesabu. Mfumo wetu ndivyo ulivyo: jimbo moja, mbunge mmoja, na anayeongoza kwa kura analichukua jimbo hata kama hajafikisha nusu. Kura za CUF zilikuwa zimelundikana Zanzibar, hasa Pemba, na kila jimbo la Pemba lilikuwa na za kutosha kushinda. Kura za NCCR zilitawanyika Bara, zikaishia nafasi ya pili jimbo baada ya jimbo, na nafasi ya pili haina kiti. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa vyama vingine vidogo: Chadema kwa asilimia 6.2 ilipata majimbo 3, na UDP kwa asilimia 3.3, iliyokuwa na ngome Bariadi, ilipata 3 vilevile.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu unaonyesha mapema kinachonitatiza katika kauli ya swali. Hoja yangu ni kwamba mfumo wa uchaguzi hauzai vyama wala hauviui. Unaamua ni kiasi gani cha mgawanyiko uliopo katika jamii kitaingia bungeni, na uamuzi huo unategemea sana wapiga kura wa kila chama wanaishi wapi.

Kabla ya kulinganisha, tukubaliane jinsi ya kuhesabu. Kuhesabu vyama kimoja kimoja kunapotosha, maana chama chenye wabunge 186 na chenye 3 vitahesabiwa sawa. Kwa hiyo natumia kipimo cha Laakso na Taagepera cha mwaka 1979, idadi fanisi ya vyama:

```
N = 1 / Σ p²
```

Hapa p ni sehemu ya kura, au ya viti, ya kila chama. Vyama viwili vilivyolingana kabisa vinatoa 2, na chama kimoja kikichukua kila kitu tunapata 1. Nimekokotoa mwenyewe kwa matokeo ya 1995: kwa kura N ni 2.46, kwa viti vya majimbo ni 1.52. Takribani chama kizima kilibaki nje ya mlango wa Bunge.

Mwanasayansi wa siasa Mfaransa Duverger, aliyeandika mwaka 1951, angesema hilo ni jambo la kutegemewa. Kwake mfumo wa jimbo moja una athari mbili. Ya kwanza inatokea kwenye hesabu yenyewe: chama cha tatu kinapata viti pungufu kuliko kura zake. Ya pili inatokea kichwani mwa mpiga kura, ambaye akishaona hivyo anakihama chama kisichoweza kushinda. Zikikaa pamoja kwa muda, nchi inabaki na vyama viwili vikubwa.

Athari ya pili niliielewa vizuri zaidi kwa kumsikiliza shangazi yangu kuliko darasani. Aliishi Temeke miaka ile, na katika uchaguzi mdogo wa 1996 aliipigia NCCR, Augustino Mrema alipolichukua jimbo hilo. Kufikia 2000 Mrema alikuwa ameshahamia TLP na NCCR imesambaratika. Nilimuuliza kwa nini safari hiyo hakuwafuata. "Mwanangu, kura ni moja," aliniambia. "Siitupi kwa mtu ninayejua atakuwa wa tatu." Hajawahi kusikia jina la Duverger.

Hata hivyo Tanzania haikufika kwenye vyama viwili. Mfumo uleule umetuletea chama kimoja kikubwa mno, na pembeni yake upinzani unaobadilisha sura kila baada ya uchaguzi au miwili: NCCR mwaka 1995, CUF ikafuata, kisha Chadema. Naona sababu ni kwamba Duverger anaeleza kinachotokea ndani ya jimbo. Hasemi ni nani atakayeunganisha wapinzani wa Pemba, Bariadi, Moshi na Kigoma wawe chama kimoja cha kitaifa. CCM ilirithi matawi hadi ngazi ya shina kutoka zama za chama kimoja. Wapinzani walilazimika kujenga wakiwa katikati ya mbio.

Lesotho ni kielelezo kikali zaidi. Mwaka 1998, kwa mfumo kama wetu, chama tawala cha LCD kilipata takribani asilimia 60 ya kura na majimbo 79 kati ya 80. Chama cha upinzani cha BNP, kilichopigiwa na karibu robo ya wapiga kura, kilipata kiti kimoja. Watu waliingia barabarani, Maseru ikaungua, na majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia nchini chini ya mwavuli wa SADC. Baada ya hapo pande zote zilikaa chini na kukubaliana juu ya mfumo mseto: majimbo 80 yabaki, viongezwe viti 40 vya kufidia vyama vilivyopunjwa. Uchaguzi wa 2002 ulipofanyika, LCD ilishinda tena karibu majimbo yote, 77, lakini viti vya fidia viliipa BNP wabunge 21. Kwa hesabu yangu N ya viti ilipanda kutoka 1.03 hadi karibu 2.2, wakati kura zenyewe hazikuwa zimegawanyika kupita kiasi ikilinganishwa na 1998. Hapa kauli ya swali ina haki yake. Jamii ni ileile, vyama vikubwa ni vilevile, kilichobadilika ni kanuni ya kugawa viti.

Afrika Kusini inatuonya tusikimbilie hapo. Wao hutumia orodha za vyama na uwakilishi wa uwiano, viti 400, bila kizingiti chochote cha kisheria. Chama chenye chini ya nusu asilimia kinaweza kupata mbunge. Kama mfumo ndio unaoamua, Bunge lao lingejaa vyama tangu siku ya kwanza. Lakini mwaka 1994 ANC ilipata viti 252, na N ilikuwa 2.2. Mwaka 2004 ANC ilifika 279, na N ikashuka hadi karibu 2. Miaka ishirini baadaye, 2024, kwa uwiano uleule na Bunge lenye viti vilevile 400, ANC ilianguka hadi viti 159, vyama 18 vikaingia bungeni, na N ikawa 4.19. Mlango ulikuwa wazi miaka yote thelathini. Waliochelewa kuupita ni watu wenyewe, ambao kwa muda mrefu waliona chama kilichowakomboa kinawatosha. Chama cha MK, kilichopata viti 58 mara ya kwanza kugombea, kilizaliwa na ugomvi ndani ya ANC yenyewe na kikapata nguvu zake nyingi KwaZulu-Natal.

Kenya inatupa upande wa pili wa sarafu, na nitaigusa kwa ufupi. Mfumo wa jimbo moja ulipaswa kuwaunganisha wapinzani mwaka 1992. Badala yake chama cha upinzani cha FORD kikapasuka kuwa FORD-Kenya na FORD-Asili, na Moi akashinda urais kwa takribani asilimia 36. Mwaka 2007 vyama zaidi ya 20 vilipata wabunge, ODM ikiongoza kwa 99. Ndani ya jimbo mbio mara nyingi huwa za watu wawili, lakini wawili hao wanabadilika ukitoka Nyanza kwenda Ukambani, na jumla ya kitaifa inakuwa kubwa. Ni jambo lilelile la CUF na Pemba, ila limeenea nchi nzima.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu nadhani Tanzania ina ushahidi ambao wachambuzi wengi wanaupita bila kuutazama. Kura ya ubunge hapa kwetu inahesabiwa mara mbili. Kwanza inaamua mbunge wa jimbo. Kisha kura zilezile zinajumlishwa nchi nzima, na vyama vilivyofikisha asilimia 5 vinagawana viti maalumu vya wanawake kwa uwiano. Mpiga kura ni yuleyule, karatasi ileile, siku ileile. Kanuni tu ndiyo inayotofautiana. Sioni jaribio zuri zaidi ya hilo.

Mwaka 2015 CCM ilipata takribani asilimia 55 ya kura za ubunge, Chadema karibu 32, CUF karibu 9. Kwa kura N ni karibu 2.4. Kwenye majimbo inashuka hadi karibu 1.7. Kwenye viti maalumu inarudi karibu 2.2. Chadema iliondoka na viti maalumu vingi kuliko majimbo iliyoshinda. CUF ilikuwa kinyume: majimbo yake yalizidi thelathini, viti maalumu vikawa 10. Nao ACT-Wazalendo na NCCR, vilivyoshinda jimbo moja moja Kigoma Mjini na Vunjo, havikupata kiti maalumu hata kimoja, maana havikufikisha kizingiti. Kwa hiyo hata uwiano una chekecho lake. Kwetu, chama kidogo chenye ngome kinaokolewa na jimbo na kutupwa na uwiano, jambo ambalo ni kinyume cha tunavyofundishwa kwa haraka.

Kuna dosari katika jaribio hili, na lazima niiseme. Kura za 2015 zenyewe zilikuwa zimeshaguswa na mfumo wa majimbo kabla hazijapigwa. Chadema, CUF, NCCR na NLD, chini ya muungano wa Ukawa, viliachiana majimbo ili visinyang'anyane kura. Mwana-CUF wa jimbo lililoachiwa Chadema hakukuta chama chake kwenye karatasi, na kura aliyoipa Chadema ikaenda kuhesabika pia kwenye viti maalumu vya Chadema. Bila makubaliano hayo huenda asilimia 9 ya CUF ingekuwa kubwa zaidi. Athari ya Duverger, basi, hapa ilifanya kazi vichwani mwa viongozi kwanza, mezani, kabla haijamfikia mpiga kura.

Na pale viongozi waliposhindwa kukubaliana, mzigo ulimrudia mpiga kura. Segerea, hapahapa Dar es Salaam, Chadema na CUF vilisimamisha wagombea wote wawili, na CCM ikalichukua jimbo. Shangazi wakati huo alikuwa ameshahamia Tabata. Anasema aliingia kwenye kituturi, akaifungua karatasi, akawakuta wote wawili wakiwa na picha zao, na alikuwa ameambiwa kwenye mikutano kwamba Ukawa ni kitu kimoja. Alikaa na kalamu mkononi hadi msimamizi akamuuliza kama anahitaji msaada.