Barua ya Maombi ya Kujiunga na Masomo ya Filamu

Majengo, Moshi
12 Mei 2025

Mtendaji Mkuu,
Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa),
Bagamoyo.

Ndugu,

YAH: MAOMBI YA KUJIUNGA NA MASOMO YA FILAMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninaishi kwa kushuti kipaimara, harusi na misiba hapa Moshi. Kazi hii nimejifunza mwenyewe, kwanza kwa simu, baadaye kwa kamera ya mtumba.

Sherehe zimenipa jicho la haraka, kwa sababu pete haivishwi mara mbili. Zimenifundisha pia ufundi: kumbini nashuti fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, kwani umeme wetu ni wa hezi 50 na shata isiyoendana nao hufanya picha ichezecheze chini ya taa.

Lakini ninachokipenda kwa moyo wote kiko nje ya kumbi. Wageni wengi wenye kamera huelekeza lenzi kwenye theluji ya Kilimanjaro; mimi nawatazama wanaoishi chini yake. Kule Kibosho nimetengeneza filamu fupi kuhusu mfongo, mfereji wa asili unaogawa maji kwa zamu vihambani, yaani kwenye mashamba ya familia. Mzee mmoja anafungua maji kwa kuondoa magome ya mgomba na matope kwa mikono. Sikukata picha, nilimfuata mpaka maji yakafika kwenye migomba yake. Tulipoionyesha kijijini, watazamaji walianza kubishana ni zamu ya nani iliyorukwa. Nilifurahi mno, maana walikuwa wanaangalia maji yao.

Sasa nina hadithi ya kubuni: binti anarudi nyumbani Desemba, ndugu wote wamekusanyika, naye anadai sehemu yake katika kihamba cha marehemu baba. Nimeiandika na kuifanyia mazoezi na vijana wa kwaya. Kila mmoja anasema maneno yake kama anahutubia. Najua sura ya ukimya ninaoutaka pale mezani, ila sijui nimwambie nini mwigizaji ili aufikie. Hilo halifundishiki kwa video za mtandaoni. Linahitaji mwalimu anayekaa pembeni na kuona. Nahitaji pia kujifunza uandishi wa muswada na sauti, na kufanya kazi na kikosi, kwani hadi leo mimi ndiye mwongozaji, mpiga picha na mhariri.

Nimechagua TaSUBa kwa sababu maigizo, ngoma na muziki vinafundishwa hapo hapo. Nataka kusoma karibu na waigizaji, niwaone wanavyoandaliwa kabla kamera haijawashwa.

Nimeambatisha filamu ya mfongo, muswada wa hadithi hiyo na nakala za vyeti vyangu vya sekondari. Niko tayari kuja Bagamoyo kwa usaili siku yoyote mtakayopanga.

Wako mtiifu,

Neema Mushi